Mshahara wa siku moja kwa makato ya likizo bila malipo: tugawe kwa 30, kwa siku za mwezi husika, au kwa siku za kazi?

Karani_Kinondoni

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa mishahara katika kampuni ya watu wachache hapa Dar es Salaam, na mwezi huu tumekwama katika jambo ambalo nilidhani ni la dakika tano. Mfanyakazi wetu wa ofisini, ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,200,000 na ambaye hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, aliomba kwa maandishi likizo bila malipo kuanzia Jumatatu tarehe 10 hadi Ijumaa tarehe 21 Februari 2025, na ombi lake lilikubaliwa. Mkataba wake unasema tu kwamba likizo ya aina hiyo itakatwa "kwa kiwango cha siku", bila kueleza kiwango hicho kinapatikanaje.

Mkurugenzi amegawa mshahara kwa 30, akazidisha kwa siku 10 za kazi ambazo mfanyakazi hakuwepo, akapata makato ya 400,000. Mhasibu mkuu amegawa kwa 28 kwa kuwa Februari hii ina siku 28, akazidisha kwa 12 kwa sababu anahesabu tangu tarehe 10 hadi 21 pamoja na Jumamosi na Jumapili iliyo katikati, akapata 514,286. Mimi nimegawa kwa siku 20 za kazi zilizomo mwezi huu, nikazidisha kwa 10, nikapata 600,000. Kati ya hesabu ya mkurugenzi na yangu kuna tofauti ya laki mbili kamili, na mfanyakazi mwenyewe ameshaniuliza mara mbili atapokea kiasi gani. Ipi kati ya hizi ni sahihi?

Mzee_wa_Leja

Mkurugenzi wako yuko sahihi, dada. Mshahara wa mwezi ni wa mwezi: hauongezeki Januari yenye siku 31 wala haupungui Februari. Ndiyo maana wahasibu tangu zamani wameuchukulia mwezi kuwa siku 30, ili kiwango cha siku kisibadilike mwaka mzima. Ukianza kugawa kwa siku za kila mwezi, mtu aliyekosa siku moja Februari atakatwa 42,857 na aliyekosa siku moja Machi atakatwa 38,710, ilhali wote wawili wamekosa siku moja ya kazi ileile na mshahara wao ni mmoja. Hilo ukilipeleka mbele ya wafanyakazi huna jibu la kuwapa. Gawa kwa 30, zidisha kwa 10, funga faili.

Mama_Utumishi

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ya kwanza naikubali, na kwa kweli ndiyo udhaifu mkubwa wa njia ya mhasibu mkuu. Lakini kuna kitu kimepita hapo bila kuonekana, nacho ndicho chanzo cha ugomvi wote huu.

Siku 30 ni siku za kalenda. Ndani yake mna Jumamosi na Jumapili. Ukigawa mshahara kwa 30 umesema kwamba kila siku ya mwezi, hata ile ya kupumzika, imebeba sehemu yake ya mshahara, yaani 40,000. Sasa unapokuja kuhesabu siku alizokosa, huwezi kugeuka ukahesabu siku za kazi peke yake. Mtu ambaye hakuwepo wiki mbili nzima amekosa siku 14 za kalenda, kwa sababu zile Jumamosi na Jumapili mbili ni mapumziko ya wiki ambazo hakuzifanyia kazi. Kwa hiyo kwa njia ya 30 makato yake ni 560,000, si 400,000. Mkurugenzi amegawa kwa kipimo kimoja akazidisha kwa kingine, na mhasibu mkuu naye ameingiza mwisho wa wiki mmoja akauacha wa pili, ndiyo maana akaangukia katikati. Angehesabu 14 kwa 28 angepata 600,000, sawasawa na yako.

Dada Karani, wewe na mhasibu mkuu mngekubaliana bila kujua, kwa sababu wiki mbili za Februari hii ni nusu ya mwezi kamili, ziwe zimehesabiwa kwa kalenda au kwa siku za kazi. Ukishalinganisha kigawanyo na kizidisho, majibu ya njia zote yanakaribiana: 560,000 kwa 30, na 600,000 kwa siku halisi. Tofauti iliyobaki ni ya urefu wa mwezi tu.

Pale ambapo 30 inashindwa ni kwenye siku mojamoja. Tuseme mtu anachukua Ijumaa moja tu, bila mwisho wa wiki. Kwa 30 anakatwa 40,000. Akichukua Ijumaa tano katika miezi tofauti anakatwa 200,000 kwa jumla, wakati mwenzake aliyechukua wiki moja kwa mfululizo, Jumatatu hadi Jumapili, amekatwa siku saba, yaani 280,000. Wote wamekosa siku tano za kazi. Nimeona watu wakigundua mwanya huo na kuomba likizo zao kwa vipande vya Ijumaa.

Pwani_Mombasa

Huku Kenya hatuna mjadala huu, jamani. Kigawanyo ni 26, ndicho cha kisheria, kwa kila mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara wa siku moja kwa kila siku ya kazi ambayo mfanyakazi hakufika bila ruhusa. Kwa hiyo 1,200,000 gawa kwa 26 ni 46,154, mara 10 ni 461,538. Sidhani kama Tanzania mko mbali na hapo.

Mama_Utumishi

Ndugu yangu wa Mombasa, kifungu hicho cha 19 nakifahamu, na maneno yake muhimu ni "siku ya kazi". Lakini kinasema kwamba makato yasizidi mshahara wa siku moja. Hakisemi mshahara huo wa siku moja unapatikana kwa kugawa kwa ngapi. Hiyo 26 mliyoizoea inatoka kwenye wiki ya siku sita. Mwaka una wiki 52, ukigawa kwa miezi 12 unapata wiki 4.333 kwa mwezi. Mara siku sita ni 26. Hata ile 225 mnayotumia kupata mshahara wa saa kwa ajili ya saa za ziada imezaliwa hapohapo: saa 52 za wiki mara 4.333 ni 225 na kidogo. Ni hesabu nzuri kwa mtu wa siku sita. Ukimpelekea mtu wa siku tano umeharibu, kwa sababu yeye hana siku 26 za kazi katika mwezi wowote.

Kwa Tanzania jambo hili limeandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 26, inatupeleka kwenye Jedwali la Kwanza, na jedwali linasema hivi: ili kupata kiwango cha siku kutoka mshahara wa mwezi, gawa mshahara kwa 4.333 mara idadi ya siku ambazo mfanyakazi kwa kawaida hufanya kazi katika wiki. Halikuweka namba moja kwa wote. Mtu wa siku tano kigawanyo chake ni 21.665, na mtu wa siku sita ni 25.998, ambayo wengi huiandika 26.

Kwa mfanyakazi wa dada Karani, 1,200,000 gawa kwa 21.665 ni 55,388.88, mara siku 10 za kazi ni 553,889. Sasa chukua mtunza ghala wa siku sita mwenye mshahara wa 520,000 ambaye amekosa Jumatatu hadi Jumamosi. Kiwango chake cha siku ni kama 20,000, mara sita ni 120,000 na shilingi chache. Ukiangalia vizuri, kila anayekosa wiki moja, awe wa siku tano au wa siku sita, anapoteza sehemu ileile ya mshahara wake, yaani mshahara wa mwezi gawa kwa 4.333. Ukilazimisha 26 kwa wote, mtu wa ofisini akikosa wiki nzima atakatwa siku tano kati ya 26, na mtunza ghala atakatwa siku sita kati ya 26. Huyo wa ghala atakuja kuuliza kwa nini wiki yake ni ghali kuliko ya ofisini, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Zamu_Usiku

Mada hii imenigusa. Nilikuwa kiwanda kimoja, mshahara 660,000, siku tano kwa wiki. Mtoto aliugua nikaomba siku tatu, nikakatwa 30,000 kwa kila siku, yaani waligawa kwa 22. Sikulalamika. Nilipoacha kazi nilikuwa na siku 10 za kazi za likizo ambazo sikuzitumia, nao wakanilipa 22,000 kwa kila siku, wakaniambia kampuni inagawa kwa 30. Nikauliza mbona kwenye makato mligawa kwa 22? Jibu nililopewa ni kwamba "hayo ni mambo mawili tofauti". Wakati wa kunikata siku yangu ina thamani ya 30,000, wakati wa kunilipa ina thamani ya 22,000. Ni sawa kweli?

Mama_Utumishi

Si sawa hata kidogo, na wewe umelieleza vizuri zaidi kuliko wataalamu wengi. Siku zako zilizobaki zilihesabiwa kama siku za kazi, kwa hiyo zilipaswa kulipwa kwa kiwango cha siku ya kazi. Kwa 22 yao wenyewe walipaswa kukupa 300,000, nao walikupa 220,000. Kampuni inapoandika kanuni ya kigawanyo iandike moja, itumike pande zote mbili.

Jambo jingine ndugu: hizo siku tatu za kuuguza mtoto pengine hazikupaswa kukatwa kabisa. Kifungu cha 34 kinatoa angalau siku 4 zenye malipo, kwa ugonjwa wa mtoto au kwa msiba wa ndugu wa karibu, katika mzunguko wa likizo. Karani yeyote anapopokea fomu ya likizo bila malipo aangalie kwanza sababu iliyoandikwa, kwa sababu baadhi ya likizo hizo zina malipo kisheria na mwombaji hajui.

Msomaji_Kimya

Kwa hiyo kwa mujibu wa Mama_Utumishi, mimi mwenye siku zangu 28 za likizo ya mwaka ambazo sijazitumia, nikiwa na mshahara huo wa 1,200,000, ninastahili 55,389 mara 28, ambazo ni zaidi ya milioni moja na nusu? Naomba uthibitisho kabla sijamwandikia mwajiri wangu.

Mama_Utumishi

Hapana ndugu, usiandike barua hiyo. Swali la uzi huu ni makato ya likizo bila malipo, lakini kosa lako ni lilelile la mkurugenzi, ila limegeuzwa upande. Siku 28 za sheria yetu ni siku mfululizo, pamoja na mwisho wa wiki na sikukuu zinazoangukia humo. Kiwango cha 55,389 ni cha siku ya kazi. Siku 28 mfululizo ni wiki nne, na kwa mtu wa siku tano wiki nne ni siku 20 za kazi, kwa hiyo hesabu inakuja 1,107,778. Kenya likizo yao ya siku 21 imeandikwa kama siku za kazi, ndiyo maana watu wa pande hizi mbili wakizungumza hawaelewani.

Mwanasheria_Mdogo

Naomba niweke breki kidogo. Kifungu cha 26 kinasema jedwali litatumika pale inapokuwa lazima kupata kiwango cha saa, siku, wiki au mwezi "kwa madhumuni ya Sheria hii". Likizo bila malipo ambayo mwajiri na mfanyakazi wamekubaliana wenyewe ni zao la makubaliano yao. Kama mkataba ungesema wazi kwamba makato yatakuwa mshahara gawa kwa 30 mara siku za kalenda, mimi ningeona ugumu kusema mkataba huo ni batili, hasa pale unapomsaidia mfanyakazi. Kinachotupeleka kwenye jedwali katika suala la dada Karani ni kwamba mkataba umenyamaza.

Vilevile tusisahau kwamba kifungu cha 28 kinazuia makato yoyote kwenye ujira isipokuwa yale yanayoruhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora za kazi, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, ama yale ambayo mfanyakazi ameyakubali kwa maandishi kuhusu deni. Wapo wanaosema kwamba kutolipa siku ambayo haikufanyiwa kazi si makato bali ni kutolipa ujira ambao haukupatikana. Hoja hiyo ina nguvu, lakini kama fedha zilizotolewa zinazidi thamani ya siku ambazo hazikufanyiwa kazi, kile kilichozidi ni makato bila shaka, na hapo mwajiri atajieleza mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mzee_wa_Leja

Kwa hiyo unakubali kwamba 30 inaweza kusimama ikiwa imeandikwa. Hilo ndilo nililosema.

Mwanasheria_Mdogo

Inaweza kusimama, mzee, ikiwa imeandikwa na ikiwa siku zinazokatwa ni za kalenda vilevile. Wewe ulisema mara 10.

Karani_Kinondoni

Nawashukuru sana. Nimempelekea mhasibu mkuu hesabu ya 553,889 na ameikubali, lakini sasa ameleta jambo jipya. Amenionyesha mchoro wa slipu ambao makato haya yameandikwa chini kabisa, pamoja na mkopo na chama cha kuweka na kukopa, baada ya NSSF na kodi ya PAYE kuwa zimekwisha kutolewa kwenye 1,200,000. Anasema kwenye programu yetu ya mishahara ndiko kuna nafasi ya "makato mengine". Je, kuna tatizo?

Mama_Utumishi

Tatizo ni kubwa kuliko ugomvi wa kigawanyo, kwa sababu hapo mfanyakazi anakatwa pesa ambazo hakuzipata na bado anazilipia kodi. Ngoja niweke namba ili mhasibu mkuu azione.

Katika mwezi wa kawaida, NSSF ya mfanyakazi kwa asilimia 10 ni 120,000, kinachobaki cha kutozwa kodi ni 1,080,000, PAYE yake ni 152,000, na anapeleka nyumbani 928,000. Ukifuata slipu ya mhasibu mkuu, unaondoa 553,889 kwenye hizo 928,000 na mfanyakazi anabaki na 374,111.

Kwa njia sahihi makato yanakaa juu, mara tu chini ya mshahara wa msingi, yakiwa na alama ya kutoa. Ujira alioupata mwezi huu unakuwa 646,111. NSSF yake inakuwa 64,611, kinachotozwa kodi ni 581,500, na PAYE inashuka hadi 32,300. Anapeleka nyumbani 549,200. Tofauti ya slipu hizi mbili ni zaidi ya 175,000, na haikutokana na kigawanyo hata kidogo. Imetokana na mstari ambao makato yameandikwa. Mwajiri naye anapoteza, kwa sababu anachangia NSSF yake na tozo ya ujuzi juu ya mshahara ambao hakuulipa.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona kwenye slipu yoyote: kama mwezi wa likizo bila malipo mstari wa NSSF na wa PAYE ni uleule wa mwezi uliopita, makato yamewekwa mahali pasipo pake. Mwambie aliyetengeneza programu afungue kipengele cha mapato chenye thamani hasi, akiite "likizo bila malipo", na akiweke kiingie katika ujira unaotozwa kodi na unaochangiwa.

Na posho? Kwa tafsiri ya sheria yetu mshahara wa msingi hauna posho ndani yake, kwa hiyo 4.333 inafanya kazi kwenye msingi peke yake. Sisi posho ya usafiri tunaikata kwa siku hizohizo kwa sababu inafidia nauli ya kuja kazini, na ya nyumba hatuigusi. Huo ni utaratibu wetu wa ndani tu.

Fundi_wa_Majedwali

Kwa wanaotumia Excel, siku za kazi msizihesabu kwa vidole. Kama tarehe ya kuanza iko F2, ya mwisho G2, na sikukuu mmeziorodhesha kwenye safu ya K, fomula ya kwanza ni ya wale wa siku tano na ya pili ni ya wale wa siku sita, ambao mapumziko yao ni Jumapili tu:

```
=NETWORKDAYS(F2,G2,K$2:K$20)
=NETWORKDAYS.INTL(F2,G2,11,K$2:K$20)
```

Makato yenyewe, mshahara ukiwa B2, siku za wiki C2 na siku zilizokosekana D2:

```
=ROUND(B2/(4.333*C2)*D2,0)
```

Zungusheni mwisho tu, baada ya kuzidisha. Ila nina swali kwa Mama_Utumishi. Julai 2024 ilikuwa na siku 23 za kazi na Sabasaba iliangukia Jumapili. Nilijaribu kuweka mtu wa 1,200,000 aliyefanya kazi siku moja tu akakosa 22. Makato yalitoka 1,218,555. Yaani mtu amefanya kazi siku moja na anaidai kampuni hasi ya elfu kumi na nane na ushei!

Mama_Utumishi

Umegusa penyewe. 21.665 ni wastani wa mwaka, na mwezi halisi unaweza kuwa na siku 20 au 23. Kwa likizo fupi tofauti haionekani, lakini likizo ikimeza karibu mwezi mzima wastani unagoma. Februari hii mtu akikosa siku zote 20 atakatwa 1,107,778, na atabaki na zaidi ya 92,000 za mwezi ambao hakukanyaga ofisini.

Wengi hutatua hivi: kama siku alizofanya kazi ni chache kuliko alizokosa, acha kukata, badala yake mlipe siku alizofanya kazi kwa kiwango kilekile. E2 ikiwa ni siku alizofanya kazi:

```
=IF(E2<D2,ROUND(B2/(4.333*C2)*E2,0),B2-ROUND(B2/(4.333*C2)*D2,0))
```

Wa Julai aliyefanya kazi siku moja atapata 55,389 yake, na aliyekosa mwezi mzima atapata sifuri.

Mzee_wa_Leja

Nimechukua fomula yako nikaijaribu kwa Julai hiyohiyo yenye siku 23. Aliyefanya kazi siku 11 akakosa 12 analipwa 609,278. Aliyefanya kazi siku 12 akakosa 11 analipwa 590,722. Kwa hiyo aliyeongeza siku moja ya kazi amepungukiwa zaidi ya elfu kumi na nane. Nieleze hilo utamwambiaje huyo wa pili.

Mama_Utumishi

Sitaweza kumwambia, mzee, na hapo umenishika. Ndiyo maana kwa wanaokosa zaidi ya nusu ya mwezi, na kwa wanaoanza au kuondoka kazini katikati ya mwezi, mimi hutumia siku za kazi halisi za mwezi husika: kwa Julai ile ni 1,200,000 gawa kwa 23, na wa siku 11 anapata 573,913. Ngazi haigeuki tena. Lakini sitadai kwamba ni safi, kwa sababu katika mwezi mfupi kama Februari mruko unakuwa upande mwingine: wa siku 9 analipwa 540,000 na wa siku 10 analipwa 646,111.

Pwani_Mombasa

Basi si mtumie siku halisi za kazi za kila mwezi kwa wote na yaishe, kama dada Karani alivyofanya mwanzoni? Hesabu yake ya 600,000 haikuwa na mruko wowote.

Mama_Utumishi

Kwa hisabati uko sahihi: siku halisi za kazi hazizai hasi wala mruko, na mwezi mzima daima ni mshahara mzima. Gharama yake ni ile aliyoilalamikia mzee tangu mwanzo. Siku moja ya Februari inakuwa 60,000 na ya Julai ile 52,174, na watu wakishajua hilo wanachagua mwezi wa kuombea likizo. Kampuni ndogo inayokata mtu mmoja kwa mwaka haitaumia. Yenye wafanyakazi wa mashambani mia kadhaa itasikia kelele. Na pale mkataba uliponyamaza, namba iliyoandikwa kwenye sheria ni ya 4.333, hivyo kwa siku kumi za dada Karani mimi nasimama kwenye 553,889.

Karani_Kinondoni

Nitapeleka hiyo, yenye makato kabla ya NSSF na kodi, na nimeandaa rasimu ya kifungu cha mkataba kinachotaja 4.333 kwa likizo isiyozidi nusu ya mwezi na siku halisi za kazi kwa inayozidi, ambacho kitatumika wakati wa kukata na wakati wa kulipa. Mkurugenzi bado hajasaini. Nina moja limebaki: mfanyakazi mwingine ameomba likizo bila malipo tarehe 14 hadi 25 Aprili. Ndani yake mna Ijumaa Kuu tarehe 18 na Jumatatu ya Pasaka tarehe 21. Nikate siku 10 au 8?

Fundi_wa_Majedwali

Ukiweka sikukuu kwenye safu ya K, fomula itakupa 8.

Mwanasheria_Mdogo

Fomula itatoa ulichoiambia itoe. Sikukuu ni siku ya mapumziko yenye malipo kwa mtu aliye kwenye malipo. Huyu ameomba asilipwe kuanzia 14 hadi 25 bila kukatiza, na 21.665 imegawa wiki zote 52 bila kutoa sikukuu hata moja, kwa hiyo kila siku ya wiki imeshabeba sehemu yake. Mimi ningekata 10.

Mama_Utumishi

Mimi ningekata 8. Siku hizo mbili asingefanya kazi hata kama angekuwa zamu, na wenzake wote watalipwa wakiwa nyumbani. Dada Karani, andika kwenye fomu yake ya ombi idadi ya siku zitakazokatwa, mwombaji asaini kabla ya tarehe 14, na rasimu yako ya mkataba iwe na mstari wa sikukuu.

Zamu_Usiku

Kule kwetu walikata na Jumapili ya Pasaka.